Neno sukari halipo kwenye chupa, sasa sukari ya mama imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi, Majengo. Mama yangu ana kisukari, anatumia metifomini na glibenklamidi. Soda ameacha kabisa, nikamhamishia kwenye juisi ya embe ya chupa ya nusu lita mana mbele imeandikwa ya asili, na nyuma nimesoma viambato neno kwa neno sijaona palipoandikwa sukari. Jana kabla hajanywa alikuwa 7.4, kamaliza chupa, masaa mawili baadae 14.1 na hakula kitu kingine. Picha ya lebo nimeiweka. Sukari imetoka wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na umpe mama pole yangu. Sukari imetoka humo humo kwenye chupa, na lebo imeitaja, ila imeitaja kwa majina matatu ambayo mtu akienda dukani Mbuyuni hawezi kuyaita sukari. Nimeikuza picha yako nikaisoma mpaka chini kabisa, na naiandika hapa ili na wengine wenye chupa zao mkononi waweze kufuata:

Viambato: maji, rojo la embe (30%), juisi ya epo iliyokolezwa, sirapu ya glukosi, fruktosi, asidi ya sitriki (E330), kiongeza uzito (E466), vitamini C, ladha ya embe, rangi (E160a).

Alafu pale kwenye kijedwali cha lishe: kwa kila 100 ml, nishati 56 kcal, wanga 14 g, ambapo sukari ni 12 g. Na chini yake kwa maandishi madogo sana: kipimo kimoja ni 200 ml.

Tuanze na hayo majina. Kiambato cha tatu, juisi ya epo iliyokolezwa, ndo kinachowapita watu wengi kuliko vyote mana kina neno juisi na kina neno tunda. Sasa jiulize, chupa ni ya embe, epo limeingia humo kufanya nini? Kiwandani wanachukua juisi ya epo wanaivukiza maji mpaka inabaki nzito kama asali, na ikifika hapo karibu asilimia 70 ya uzito wake ni sukari tupu. Harufu ya epo inakuwa imebaki kidogo, na kuna aina nyingine inachujwa zaidi mpaka haina rangi wala harufu, unabaki utamu peke yake. Hiyo ukiitia kwenye embe lililozimuliwa na maji unapata utamu bila kuandika neno sukari. Zabibu nayo inatumika hivyo hivyo. Kwahiyo kanuni yangu ni hii, ukikuta tunda lililokolezwa ambalo siyo lile tunda lililochorwa mbele ya chupa, hesabu kuwa ni sukari. Lakini usichanganye na chupa inayosema juisi ya chungwa iliyotokana na juisi iliyokolezwa, mana hiyo ni chungwa lile lile limepunguzwa maji ili lisafirishwe kirahisi alafu maji yakarudishwa, sukari yake inabaki karibu na ile ya chungwa la kawaida.

Kiambato cha nne ni sirapu ya glukosi. Neno lolote la sirapu kwenye juisi ni sukari, iwe sirapu ya mahindi, ya mchele, ya glukosi na fruktosi kwa pamoja, ya agave, yote. Na hii ya glukosi kwa mgonjwa wa kisukari ndo mbaya kwa haraka, mana glukosi ndo yenyewe inayopimwa na kile kimashine chenu, haihitaji kubadilishwa kuwa kitu kingine ndani ya mwili, ikishafyonzwa tu kwenye utumbo inaonekana kwenye damu. Ndugu yake anaitwa dekstrosi, ambayo ni glukosi ile ile kwa jina lingine, ndo unga ule unaouzwa famasi kwa ajili ya mtu aliyeishiwa nguvu.

Cha tano, fruktosi. Watu wanaambiwa ni sukari ya matunda kwahiyo haina shida, na kweli ukipima baada ya kunywa haipandishi namba kama glukosi, lakini ini ndo linaloishughulikia, na ikiwa nyingi kila siku mafuta kwenye damu yanaongezeka na ini linajaa mafuta, vitu ambavyo mgonjwa wa kisukari tayari yuko navyo karibu. Kwahiyo namba nzuri kwenye kimashine baada ya kunywa kitu cha fruktosi isikutulize sana.

Njia nyepesi ya kuzitambua hizi kwenye chupa za Kiingereza, zile zinazoingia kupitia Namanga na Holili na zile zinazotoka mbali zaidi, ni kuangalia mwisho wa neno. Sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi, zote kwa Kiingereza zinaishia na herufi o, s, e. Ukiziona hizo herufi tatu mwishoni, simama. Ila usihukumu hapo hapo, mana kuna mawili yanaishia hivyo hivyo na siyo sukari. La kwanza ni sukralosi, E955, hiyo ni kitamusho cha maabara, haina sukari. La pili ni selulosi, na hiyo iko kwenye chupa yako, ni ile E466, kazi yake ni kuifanya juisi iwe nzito mdomoni, haifyonzwi wala haipandishi sukari. Nimeshaona mtu anarudisha chupa dukani kwa sababu ya selulosi na kuchukua nyingine yenye juisi ya zabibu iliyokolezwa, yaani kaacha isiyo na shida kabeba yenye shida.

Nje ya hizo kuna asali, molasi, malti, juisi ya miwa iliyokaushwa, sukari guru, sukari ya nazi. Zina majina ya shambani lakini mwilini zinafanya kazi ile ile. Asali namtajia kila mtu kwasababu huku kwetu inaheshimika kama dawa na mtu anaona kuiogopa ni kukufuru, lakini kijiko cha asali ndani ya juisi kinapandisha sukari ya mama kama kijiko cha sukari.

Sasa nataka nikuonyeshe kitu kwenye mpangilio, mana hapa ndo lebo yako inadanganya jicho bila kusema uongo. Viambato vinaandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Maji kwanza, embe la pili, zile sukari tatu zinafuata. Mtu anasoma anasema embe liko juu ya sukari zote, basi hii ni embe. Lakini embe limepimwa pamoja na maji yake, mana sehemu kubwa ya embe ni maji, wakati fruktosi inaingia ikiwa kavu. Gramu 30 za rojo la embe zinaleta sukari kama gramu 4 tu. Gramu 4 za fruktosi kavu zinaleta gramu 4. Yaani kitu cha tano kwenye orodha kinaweza kuleta utamu sawa na kitu cha pili, na nafasi yake kwenye orodha haikuambii hivyo.

Na kwanini ziwe tatu na isiwe moja? Wakati mwingine kiwanda kina sababu za kweli, kila moja ina bei yake na ladha yake. Lakini matokeo yake kwa msomaji ni kwamba sukari inagawanyika na kila kipande kinashuka chini kwenye orodha. Chukua juisi ya pasheni yenye pasheni asilimia 10. Ukiweka sukari ya aina moja asilimia 11 lazima iandikwe juu ya pasheni, na mteja ataona. Ukiigawa 4, 4 na 3, pasheni inapanda kuwa ya pili na zile sukari zinatawanyika chini yake. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Kwahiyo ukisoma, zikusanye kichwani ziwe kitu kimoja alafu ndo uangalie ingekaa wapi.

Majina ukishayajua inabaki kujua ni kiasi gani, na hapo majina hayakusaidii, inabidi tuingie kwenye kijedwali. Hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi, naomba uifanye pamoja na mimi.

Kwenye juisi ya matunda usianze na mstari wa sukari, anza na mstari wa wanga, ule ambao chupa nyingine wanaandika kabohaidreti. Yako ina wanga 14 na sukari 12. Hizo gramu 2 katikati zimeenda wapi? Sheria za lebo zinahesabu kama sukari zile molekuli ndogo tu, za punje moja au mbili zilizoshikana. Sirapu ya glukosi inatengenezwa kwa kukatakata wanga wa mahindi au muhogo, na haikatwi yote mpaka mwisho, inabaki na minyororo mirefu kidogo ambayo haiingii kwenye mstari wa sukari ila inaingia kwenye mstari wa wanga. Mate na utumbo vinaimalizia kuikata haraka sana na inakuwa glukosi. Maltodekstrini ni hivyo hivyo, tena yenyewe karibu yote inakwepa mstari wa sukari. Juisi halisi ya tunda lililoiva haina sababu ya kuwa na tofauti kubwa kati ya mistari hiyo miwili, kwahiyo ukiona pengo, rudi kwenye viambato utafute sirapu au maltodekstrini, utaikuta. Kwa mama fuata namba kubwa, 14.

Kama chupa haina mstari wa wanga wala sukari, ina nishati tu, bado unaweza. Juisi haina mafuta wala protini ya kuhesabu, kwahiyo karibu nishati yote inatoka kwenye wanga, na gramu moja ya wanga inatoa 4 kcal. Gawanya kwa 4. Yako ni 56, ukigawa unapata 14, imekubaliana na kijedwali, maana yake namba zao ziko sawa. Wakiandika kilojuli, yaani kJ, gawanya kwa 17. Na kama nishati inakupa 14 alafu wao wameandika sukari 6 na wanga hawajaandika kabisa, hapo kuna kitu kimeachwa.

Sasa chupa ni 500 ml, siyo 100. Mara 5, ni gramu 70 za wanga. Kijiko cha chai kisichorundikwa kinabeba sukari kama gramu 4, kwahiyo mama amekunywa sawa na vijiko 17 na nusu kwa mkupuo mmoja, tumbo likiwa tupu, hamna ugali wala mboga wala nyama ya kupunguza kasi. Hiyo 14.1 inaelezeka kabisa, wala usifikiri dawa zimeacha kufanya kazi au kimashine kimeharibika. Na ile kipimo kimoja 200 ml ya maandishi madogo ingekupa gramu 28, vijiko 7, namba isiyotisha sana. Nani anafungua chupa ya nusu lita anakunywa chini ya nusu yake alafu anafunga? Siku zote hesabu kwa chupa nzima utakayonywa.

Hatua ya mwisho ni kutenganisha ya embe na ya kuongezwa, mana kijedwali kinazichanganya pamoja. Hapa ile 30% ndo ufunguo. Embe lililoiva lina wanga kama gramu 15 kwa kila gramu 100. Asilimia 30 ya 15 ni 4.5. Kwahiyo katika zile 14, embe limeleta 4.5 na zilizobaki, 9.5, zimetoka kwenye epo lililokolezwa, sirapu na fruktosi. Kwa chupa nzima ni gramu 47 na ushee, karibu vijiko 12 vya kuongezwa, na vijiko visivyofika 6 vya embe lenyewe. Theluthi mbili ya utamu wa chupa iliyoandikwa ya asili haukutoka kwenye embe. Hesabu hii ni ya kukadiria, mana embe dodo na embe bolibo hazilingani na kuiva nako kunabadilisha, ila ukikosea utakosea kwa kijiko kimoja hivi, hutakosea kwa vijiko 12. Kwa matunda mengine shika 10 badala ya 15: chungwa, nanasi, pasheni, epo, yote yanazungukia hapo au pungufu kidogo au zaidi kidogo. Zabibu iweke na embe kwenye 15.

Asilimia ya tunda isipoandikwa huwezi kutoa hiyo hesabu, lakini kuna dalili nyingine naiamini sana. Angalia mwisho wa orodha yako: kiongeza uzito, ladha ya embe, rangi. Embe lenyewe lina uzito, lina harufu inayojaza nyumba, lina rangi. Ukikuta imebidi vyote vitatu virudishwe kutoka nje, embe lililomo ni kidogo na limezimuliwa, na utamu wake nao umerudishwa kutoka nje kwa njia hiyo hiyo. Kiwanda hakijavunja kanuni kwa hilo, mana kiwango cha kimataifa cha Codex cha 2005 kinaruhusu nekta ya embe kuwa na embe kuanzia asilimia 25. Ila jina lake ni nekta, na nekta inaruhusiwa kuongezwa maji na sukari. Neno hilo ukiliona popote kwenye chupa, hata kama limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, ujue siyo juisi ya asilimia mia.

Maneno ya mbele kama asili, halisi, fresh ya shambani, usiyape uzito wowote kwenye mambo ya sukari. La kuliangalia kwa makini ni hili la haijaongezwa sukari. Mwongozo wa Codex unasema mtu asiandike hivyo kama ameweka sukari ya jina lolote, na pia kama ameweka kitu kinachochukua nafasi ya sukari, na mfano wanaoutoa wenyewe ni juisi iliyokolezwa ambayo haijarudishiwa maji yake. Kwahiyo chupa inayosema haijaongezwa sukari alafu nyuma ina zabibu iliyokolezwa kwenye juisi ya pasheni, mbele na nyuma vinapingana. Hiyo piga picha pande zote mbili pamoja na namba ya toleo, uwapelekee TBS, mana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalihama kutoka TFDA yakaenda kwao.

Ulimi nao usiutegemee. Ile E330, asidi ya sitriki, inaficha utamu vizuri sana, ndo mana pasheni na ukwaju wa chupa unaweza kunywa unaona una ukali mzuri kumbe sukari iko sawa na soda. Soda ya kola ina gramu kama 10.6 kwa 100 ml, na hii ya mama ina 14. Najua inauma kulisikia hilo mana ulimwachisha soda kwa nia nzuri kabisa, lakini mabadiliko mliyofanya yameongeza, hayajapunguza.

Na hapa mwanangu kuna jambo nisipokwambia nitakuwa nimekusaidia nusu. Tuseme kesho unapata chupa safi kabisa, chungwa asilimia mia, hamna epo wala sirapu. Bado ina sukari kama gramu 8 au 9 kwa 100 ml, nusu lita ni zaidi ya gramu 40, vijiko 10. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaiweka sukari ya ndani ya juisi kundi moja na sukari ya kuongezwa na asali, mana tunda likishakamuliwa, zile kuta za seli zilizokuwa zinaishika sukari zimevunjwa na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Wanashauri kundi hilo lote lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na vizuri zaidi lishuke mpaka 25. Hizo ni namba za watu wazima kwa ujumla, siyo za wagonjwa wa kisukari peke yao. Kwahiyo kusoma lebo kutakusaidia usidanganywe, ila hakutaifanya juisi iwe kinywaji cha mama cha kila siku.

Cha kufanya sasa. Mama kama anapenda embe, ale embe lenyewe, nusu ya embe la wastani, alile na chakula au baada ya chakula, alitafune. Kunywa, anywe maji, au maji yenye vipande vya limao, au chai ya tangawizi bila sukari. Watoto wa nyumbani wakitaka juisi na yeye akatamani, mpe robo glasi ya ile ile wanayokunywa, aongeze maji, anywe akiwa anakula. Akitaka chupa ya dukani yenye sukralosi au stevia, E960, asubuhi moja mpime kabla na masaa mawili baada, uone mwenyewe inamfanyaje, na wanga wake uwe chini ya gramu 1 kwa 100 ml. Ukiwa na E955 na sirapu kwenye chupa moja, ambayo siku hizi zipo, irudishe kwenye shelfu. Na uende na namba zenu hizi kliniki, mana hata ile 7.4 ya kabla daktari wake anatakiwa aijue, usimpunguzie wala usimwongezee dawa kwa sababu ya siku moja ya juisi.

Bado kuna moja, na kwasababu umesema anatumia glibenklamidi siwezi kuliacha. Dawa hiyo inaweza kumshusha sukari ghafla, hasa akichelewa kula au akiwa ameumwa tumbo: jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa kali, maneno yanachanganyika. Ukipima ukakuta chini ya 4, au hata kama huna kipimo ila dalili ndo hizo, hapo sukari ya haraka inatakiwa, kama gramu 15. Kwa chupa hii hii ni 100 ml na kidogo juu yake, yaani nusu glasi ndogo, au vijiko 4 vya sukari kwenye maji, na mimi ningechagua maji ya sukari. Usimpe ile ya sukralosi kwa wakati huo, itakuwa tamu mdomoni na haitampandisha hata kidogo. Kama amepoteza fahamu au hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize Mawenzi au hospitali iliyo karibu. Akiwa anameza, mpe, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini ya 4 rudia kiasi kile kile, ikishapanda mpe chakula cha kawaida, ndizi au uji au kipande cha mkate, na siku hiyo usimwache alale peke yake, mana glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kumshusha tena usiku.